Kodi si sababu kuu ya deni kuwa rahisi kuliko hisa

Maswali ya gharama ya mtaji yana mtindo wake. Sehemu ya kwanza inakutaka ukokotoe wastani wa gharama ya mtaji, ule unaoandikwa WACC. Sehemu ya pili, ya alama chache, inakutaka ueleze kwa nini gharama ya deni kwa kawaida huwa chini ya gharama ya hisa. Mtu anamaliza muda na nguvu kwenye hesabu, kisha akifika kwenye maelezo anaandika mstari mmoja tu: kwa sababu riba inapunguza kodi. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ndogo ya jibu lenyewe. Kinachouma ni kwamba nusu kubwa ilikuwa tayari kwenye karatasi yake, ndani ya hesabu alizozifanya dakika chache kabla. Hakurudi tu kuzitazama.

Kwa hiyo tulifuate swali moja tangu mwanzo, kwa mpangilio ambao mtu hulikuta nao mezani, tukisimama pale ambapo watu huanguka.

Kampuni ina hisa milioni 10. Bei ya hisa sokoni ni 4.32, na gawio la 0.32 kwa kila hisa liko karibu kulipwa. Gawio linatarajiwa kukua kwa asilimia 5 kila mwaka. Kampuni pia ina hatifungani zenye thamani ya usoni ya milioni 20, zinazolipa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Sokoni zinauzwa 95 kwa kila 100, na zitalipwa kwa 100 baada ya miaka 5. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Kwenye mizania, mtaji wa hisa ni milioni 10 na akiba ni milioni 12.

Mtego wa kwanza umo kwenye maneno "liko karibu kulipwa". Maana yake ni kwamba bei ya 4.32 imebeba gawio ndani yake. Anayenunua hisa leo anapata hisa pamoja na 0.32 itakayoingia mfukoni mwake siku chache zijazo. Kanuni ya ukuaji wa gawio haitaki bei hiyo. Inataka bei ya hisa baada ya gawio kutoka, yaani 4.32 kutoa 0.32, ambayo ni 4.00. Gawio la juu ya mstari nalo ni la mwaka ujao, si la sasa. Ke ni gharama ya hisa, D0 ni gawio la sasa, g ni ukuaji wake, na P0 ni hiyo bei ya 4.00.

```
Ke = D0 × (1 + g) / P0 + g
Ke = 0.32 × 1.05 / 4.00 + 0.05
Ke = 0.084 + 0.05 = 13.4%
```

Ukiacha bei kwenye 4.32, utapata asilimia 12.8. Tofauti inaonekana ndogo, lakini itasafiri hadi kwenye jibu la mwisho, na msahihishaji ataiona kwenye mstari wa kwanza.

Hatifungani ndizo zinazokula muda. Kwa kuwa zitalipwa baada ya miaka 5, huwezi kugawa tu riba kwa bei ukaishia hapo. Njia hiyo ni ya deni lisilo na tarehe ya mwisho. Hapa unatafuta kiwango ambacho kikitumika kupunguza malipo yote yajayo, thamani yake ya sasa inakuwa 95. Malipo ni riba baada ya kodi, 8 × 0.7 = 5.6 kila mwaka kwa miaka 5, pamoja na 100 mwishoni. Unajaribu viwango viwili kwa kutumia majedwali, kisha unakisia katikati yake.

Kwa asilimia 6, riba inatoa 5.6 × 4.212 = 23.59, na 100 inatoa 74.70. Jumla ni 98.29, yaani 3.29 juu ya bei. Kwa asilimia 7, riba inatoa 22.96 na 100 inatoa 71.30. Jumla ni 94.26, yaani 0.74 chini ya bei. Kiwango, yaani Kd au gharama ya deni, kimelala kati ya hivyo viwili, karibu zaidi na 7:

```
Kd = 6% + 1% × 3.29 / (3.29 + 0.74) = 6.8%
```

Chagua viwango vilivyo karibu karibu. Anayeruka kutoka 5 hadi 8 anapata jibu lililopanda kidogo, kwa sababu mstari anaouchora ni mnyoofu ilhali uhusiano wa bei na kiwango umepinda. Ni kosa la kusameheka, lakini halina sababu ya kuwepo.

Kuna njia ya mkato ambayo watu huipenda: kukokotoa kiwango kabla ya kodi, kisha kuzidisha kwa 0.7. Kabla ya kodi kiwango hapa ni asilimia 9.3. Ukizidisha kwa 0.7 unapata 6.5, si 6.8. Tofauti inatoka kwenye ile 5 ya ziada ambayo mkopeshaji ataipata siku ya kulipwa, 100 kwa kitu alichokinunua 95. Kwenye maswali haya nafuu ya kodi hutolewa kwa riba peke yake. Ukizidisha kiwango chote kwa 0.7, umeipa na ile 5 nafuu ambayo haina. Kama hatifungani zingekuwa zinauzwa 100 kamili na kulipwa 100, njia ya mkato ingekuwa sahihi kabisa.

Hata hivyo, ihifadhi hiyo 9.3 pembeni ya karatasi. Ndiyo itakayolijibu swali la pili.

Sasa uzani. Hisa milioni 10 kwa 4.00 ni milioni 40. Hatifungani milioni 20 kwa 0.95 ni milioni 19. Jumla ni milioni 59.

```
WACC = (40/59 × 13.4%) + (19/59 × 6.8%)
WACC = 9.1% + 2.2% = 11.3%
```

Hapa kuna makosa mawili yanayofanana sura. La kwanza ni kuongeza akiba ya milioni 12 juu ya thamani ya soko ya hisa. Bei ya soko tayari imeihesabu akiba hiyo, kwa sababu anayenunua hisa ananunua madai juu ya kila kilichobaki kwenye kampuni. Ukiiongeza unaihesabu mara mbili. La pili ni kutumia takwimu za mizania kwa pande zote mbili: milioni 22 za hisa na akiba, milioni 20 za deni. Ukifanya hivyo wastani unashuka hadi asilimia 10.3. Mradi unaotoa asilimia 10.8 utaonekana wa faida, kumbe kwa bei ambazo wawekezaji wanazidai leo unaila thamani ya kampuni. Mizania inakumbuka fedha zilizoingia zamani. Mwenye hisa hadai faida juu ya kile alicholipa mtu mwingine miaka iliyopita, anadai juu ya kile anachoweza kupata leo akiuza.

Basi turudi kwenye swali la pili. Kwenye karatasi kuna namba tatu: 13.4 ya hisa, 9.3 ya deni kabla ya kodi, na 6.8 ya deni baada ya kodi. Pengo lote kati ya hisa na deni ni asilimia 6.6. Kutoka 13.4 hadi 9.3 ni 4.1, na kodi haijaguswa hata kidogo hapo. Kutoka 9.3 hadi 6.8 ni 2.5, na hiyo ndiyo kazi ya kodi. Yaani kwa kampuni hii, sababu ambayo karibu kila mtu huiandika peke yake inaeleza chini ya nusu ya pengo. Ukitaka alama zote, anza na ile 4.1.

Hiyo 4.1 ni malipo ya hatari. Lakini neno "hatari" likiandikwa hivyo hivyo halijaeleza kitu, kwa hiyo tuitazame kampuni ikiwa kazini. Chukua kwamba faida yake ya uendeshaji ni milioni 9 kwa mwaka. Riba ni asilimia 8 ya milioni 20, yaani milioni 1.6. Inabaki milioni 7.4, kodi inachukua asilimia 30, na wanahisa wanabakiwa na milioni 5.18. Sasa uje mwaka mbaya, faida ya uendeshaji ishuke kwa asilimia 30 hadi milioni 6.3. Mkopeshaji anapata nini? Milioni 1.6 ile ile, bila kupungua hata senti. Wanahisa wanapata (6.3 − 1.6) × 0.7, yaani milioni 3.29. Biashara imeshuka asilimia 30, lakini fungu la wanahisa limeshuka zaidi ya asilimia 36. Mtikisiko wote umewaangukia wao, na umewaangukia ukiwa umekuzwa.

Mkopeshaji amekaa salama kwa sababu zinazohesabika. Malipo yake yameandikwa kwenye mkataba, na kampuni isipolipa ana haki ya kwenda mahakamani. Kampuni ikifilisika, yeye analipwa kabla ya mwanahisa, na mara nyingi ameshika dhamana ya mali fulani. Gawio kwa upande wake ni uamuzi wa wakurugenzi. Lisipotoka mwaka huu, mwanahisa hana pa kulidai. Anayepokea cha mwisho, tena kisichojulikana kiasi, atataka alipwe zaidi kwa kusubiri kwenye mstari wa nyuma. Mtazame mwekezaji yule yule mmoja akiwa na fedha zile zile mkononi: akipewa achague kati ya karatasi hizi mbili za kampuni moja, hatakubali ile ya nyuma kwa faida sawa na ile ya mbele. Bei ya hisa itashuka hadi faida inayotarajiwa iwe juu ya kutosha. Hivyo ndivyo soko linavyoizaa ile 13.4.

Baada ya hapo ndipo kodi iingie, na ieleweke vizuri. Riba hutolewa kwenye faida kabla ya kodi kukokotolewa, gawio hutolewa baada. Kampuni yetu inalipa riba milioni 1.6, na kwa kulipa hivyo kodi yake inapungua kwa 0.48. Mkopeshaji amepokea 1.6 kamili, lakini kampuni imetoa 1.12 tu. Hii ni nafuu ya kampuni, si ya mkopeshaji, na ndiyo maana punguzo la kodi linawekwa kwenye gharama ya deni na kamwe haliwekwi kwenye gharama ya hisa. Hisa za upendeleo, ingawa malipo yake yana kiwango maalumu na zinafanana na deni, kwa kawaida hazipati nafuu hii, kwa kuwa kinacholipwa ni gawio. Ukiziona kwenye swali, usizidishe kwa 0.7.

Mgawanyo huu wa 4.1 na 2.5 una faida nyingine ya haraka, nayo ni kukukamata ukikosea. Tuseme swali lilitoa taarifa nyingine za kukokotoa gharama ya hisa: kiwango kisicho na hatari ni asilimia 5, beta, yaani kipimo cha jinsi hisa inavyoyumba pamoja na soko, ni 1.2, na malipo ya ziada ya soko kwa hatari ni asilimia 7. Jibu ni 5 + 1.2 × 7, yaani 13.4 tena. Lakini mwenye haraka anasoma ile 7 kana kwamba ni faida yote ya soko, anatoa 5 tena, na kuandika 5 + 1.2 × (7 − 5) = 7.4. Hesabu inaonekana safi. Ukiilinganisha na 6.8 ya deni baada ya kodi, bado hisa iko juu, na unaendelea bila wasiwasi. Ilinganishe na 9.3. Mara moja unaona kwamba wanahisa wa nyuma kwenye mstari eti wanadai kidogo kuliko wakopeshaji wa mbele, kwenye kampuni ile ile. Hapo simama urudi nyuma, kwa sababu kuna namba umeisoma vibaya. Kipimo ni deni kabla ya kodi, kwa kuwa hicho ndicho wawekezaji wenyewe wanachokipokea. Ukipima kwa deni baada ya kodi, makosa mengi yanapita bila kuonekana.

Swali la tatu huwa halikosekani: kama deni ni rahisi hivi, kwa nini kampuni isikope zaidi ishushe wastani wake? Hapa ndipo mtu aliyefanya vizuri hadi sasa hupoteza alama kwa kujiamini. Anabadilisha uzani uwe nusu kwa nusu, anaacha 13.4 na 6.8 zilivyo, anapata asilimia 10.1, kisha anashauri kampuni ikope. Kosa si la hesabu. Kosa ni kudhani kwamba 13.4 itabaki pale ilipo.

Rudi kwenye mwaka mbaya. Deni likiwa mara mbili na riba ikawa milioni 3.2, mwaka mzuri unawapa wanahisa milioni 4.06 na mwaka mbaya milioni 2.17. Fungu lao linashuka karibu asilimia 47 kwa mtikisiko ule ule wa biashara wa asilimia 30. Lile lililokuwa asilimia 36 limepanda bila biashara yenyewe kubadilika. Wakiona hivyo, watadai zaidi ya 13.4. Deni rahisi linaigharimu kampuni mahali pengine, na gharama hiyo haionekani kwenye mkataba wowote wa mkopo.

Wanauchumi Modigliani na Miller walilionyesha hili mwaka 1958. Kwenye dunia isiyo na kodi wala gharama za kufilisika, kupanda kwa gharama ya hisa kunafuta kabisa urahisi wa deni. Chukua kampuni ambayo bila deni wanahisa wake wangedai asilimia 12, na inayoweza kukopa kwa asilimia 8. D/E ni deni likigawanywa kwa hisa, yote kwa thamani ya soko:

```
Ke = 12% + (12% − 8%) × D/E

D/E = 0.25:  Ke = 13%   WACC = 0.8 × 13% + 0.2 × 8% = 12%
D/E = 1.00:  Ke = 16%   WACC = 0.5 × 16% + 0.5 × 8% = 12%
```

Wastani haujatikisika. Deni ni rahisi kuliko hisa kwenye mistari yote miwili, na bado kukopa hakujapunguza chochote. Urahisi ule wa 4.1 tuliouona unatokana na kuhamisha hatari kutoka kwa mkopeshaji kwenda kwa mwanahisa, na mwanahisa anaitoza. Mwaka 1963 waliirekebisha hesabu yao kwa kuingiza kodi, na hapo wastani ukaanza kushuka kadiri deni linavyoongezeka. Kinachoushusha ni ile nafuu ya kodi peke yake. Kwa hiyo tuna jambo linalochanganya wengi, na naona linastahili kusomwa mara mbili: kodi ni sababu ndogo ya deni kuwa rahisi kuliko hisa, lakini katika mfumo huu ndiyo sababu pekee ya kukopa kushusha wastani. Jibu la "kwa sababu ya kodi" linafaa swali hili la tatu, na wengi huliandika kwenye la pili.

Na hata ushukaji huo una kikomo. Deni likizidi, wakopeshaji wenyewe wanapandisha riba kwa kuogopa kutolipwa, wauzaji wa malighafi wanaanza kudai fedha taslimu, na mwaka wa hasara unakuja ambapo hakuna faida ya kutozwa kodi. Kampuni isiyolipa kodi haina cha kupunguza. Ukisoma kwenye swali kwamba kampuni ina hasara zilizolimbikizwa na haitarajii kulipa kodi kwa miaka kadhaa, gharama ya deni lake kwa miaka hiyo ni 9.3, si 6.8, hata kama kiwango cha kodi kimeandikwa kwenye karatasi. Kimewekwa pale kukujaribu.

Limebaki neno "kwa kawaida" lililomo ndani ya swali lenyewe. Halikuwekwa kwa mapambo. Kwanza, linganisho ni la kampuni moja kwa wakati mmoja. Deni la kampuni inayoyumba linaweza kabisa kugharimu zaidi ya hisa za kampuni imara, na hilo halivunji kanuni yoyote. Pili, tazama kampuni iliyo karibu kuanguka. Hatifungani zake zile zile za riba ya 8 zinauzwa 60. Ukikokotoa kiwango kinachoilinganisha 60 na malipo yote yaliyoahidiwa, utapata zaidi ya asilimia 20 kabla ya kodi, na unaweza kuogopa kwamba kila kitu kilichoandikwa hapo juu kimepinduka. Hakijapinduka. Ulichokokotoa ni faida iliyoahidiwa, ambayo mkopeshaji ataipata ikiwa atalipwa kila kitu kwa wakati. Bei ya 60 inasema wazi kwamba soko halitarajii hivyo. Faida inayotarajiwa, baada ya kuhesabu uwezekano wa kulipwa nusu au kutolipwa, iko chini zaidi, na hiyo ndiyo inayolinganishwa na 13.4 au chochote wanachodai wanahisa wa kampuni hiyo, ambao sasa wako hatarini kuliko mwanzo.

Kwenye kampuni yetu, yenye faida ya uendeshaji inayofunika riba mara tano na zaidi, tofauti kati ya kilichoahidiwa na kinachotarajiwa ni ndogo, na 9.3 inatosha kwa kazi. Ukikutana na hatifungani inayouzwa 60, andika kiwango ulichokipata, kisha ongeza sentensi moja kwamba hicho ni kiwango cha ahadi na kinazidisha gharama halisi ya deni.